Heshima Isiyo na Mwelekeo: Usemezano wa Wahusika katika Hadithi Zinazozalishwa na Akili Unde

Ikisiri

Makala hii inahakiki usemezano katika hadithi fupi za Kiswahili zinazozalishwa na akili unde, ambamo wahusika wote huzungumza kwa sauti moja iliyonyooka na yenye adabu. Hoja ya makala ni kwamba kasoro ya usemezano huo haiko katika sarufi, wala haitibiki kwa kuongeza msamiati wa mitaani. Katika Kiswahili, adabu ni uhusiano wenye mwelekeo: hutoka kwa mtu fulani kwenda kwa mwingine, na hudaiwa, hulipwa au hunyimwa. Wahusika wote wanapopewa kiasi kilekile cha adabu, mwelekeo huo hufutika, na pamoja nao hufutika mgogoro unaoibeba hadithi. Hoja hii inajengwa kwa kuchanganua kifungu kimoja cha mfano, kisha kukiandika upya. Mwishoni makala inaeleza chanzo cha sauti hiyo na kutahadharisha kuhusu matumizi ya kasoro hii kama ushahidi dhidi ya wanafunzi.

1.0 Utangulizi

Katika miaka michache iliyopita, wahariri, waamuzi wa mashindano ya uandishi na walimu wa kozi za ubunifu wamekuwa wakipokea hadithi ambazo ni vigumu kuzikosoa kwa vigezo vilivyozoeleka. Upatanisho wa kisarufi umekamilika. Tahajia haina dosari. Aya zimepangwa vizuri, na mwisho wa hadithi unarejelea mwanzo wake. Hata hivyo, msomaji huiweka kando hadithi hiyo akihisi kwamba hakukutana na mtu yeyote. Akiulizwa kasoro iko wapi, aghalabu hujibu kwa maneno ya jumla: hadithi haina uhai, haina ladha, haina roho.

Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii mhariri wala mwanafunzi. Makala hii inajaribu kuipeleka hisia hiyo mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, yaani katika usemezano. Masimulizi yanaweza kustahimili sauti moja kwa kurasa nyingi, kwa kuwa msimulizi ni mmoja. Usemezano hauwezi, kwa kuwa sababu ya kuwapo kwake ni watu wawili au zaidi wasiolingana kwa umri, mamlaka, maarifa au haja. Bakhtin aliiona riwaya kuwa mahali ambapo sauti nyingi za jamii hukutana na kushindana. Isimujamii inaongeza kwamba sauti hizo zina viungo vya kiisimu vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja. Katika Kiswahili viungo hivyo ni vingi na viko wazi, na kutokuwapo kwake kunaweza kuonyeshwa.

2.0 Kifungu cha mfano

Kifungu kifuatacho nimekiunda mwenyewe kwa kufuata mwenendo wa hadithi kadhaa za aina hii nilizozisoma, ili kisimhusishe mwandishi wala mwanafunzi yeyote. Mandhari ni nyumba ya kupanga Mwananyamala, Dar es Salaam. Mzee Sudi, mwenye nyumba, ana umri wa miaka sabini na ushei. Zuwena, mpangaji wake, ana miaka thelathini na miwili, na mwanawe Juma ana miaka tisa.

"Habari za asubuhi, Zuwena. Natumaini umeamka salama," alisema Mzee Sudi kwa upole. "Nimekuja kuzungumza nawe kuhusu kodi ya nyumba ambayo haijalipwa kwa miezi mitatu."

"Asante kwa kuja, Mzee Sudi," alijibu Zuwena kwa sauti ya utulivu. "Ninaelewa wasiwasi wako na ninashukuru kwa uvumilivu wako. Nimekuwa nikipitia kipindi kigumu tangu nilipopoteza kazi yangu."

"Usijali, mama," alisema Juma. "Ninaamini kwamba kwa pamoja tutaishinda changamoto hii."

"Maneno yako yana hekima, Juma," alisema Mzee Sudi akitabasamu. "Nimetambua kwamba nyumba si kuta tu, bali ni watu wanaoishi ndani yake. Chukueni muda mnaouhitaji."

Jaribio la kwanza ni jepesi. Msomaji ayafunike majina na maelezo ya msimulizi, abakize maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu peke yake, kisha ajaribu kutambua msemaji wa kila kauli. Katika kifungu hiki atatambua kwa msaada wa habari tu: anayedai kodi ni mwenye nyumba, aliyepoteza kazi ni mpangaji. Hatapata msaada wowote kutoka katika namna ya kusema. Kauli ya mtoto wa miaka tisa inaweza kuhamishiwa kwa Mzee Sudi, kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mgeni rasmi katika mahafali, bila kubadilisha neno.

Jaribio hilo linatosha kuonyesha kwamba kasoro ipo. Halielezi kasoro hiyo ni ya nini, na hapo ndipo uchanganuzi unapohitajika.

3.0 Salamu na mwelekeo wake

Tuanze na salamu, kwa kuwa ndipo mazungumzo ya Kiswahili yanapoanzia. Katika kifungu, mzee wa miaka sabini anamtangulia mwanamke wa miaka thelathini kwa "habari za asubuhi", naye Zuwena anajibu kwa kushukuru. Hakuna shikamoo. Mtoto anaingilia mazungumzo ya wakubwa bila kumwamkia mgeni. Mzungumzaji wa Dar es Salaam akisikia mambo hayo katika maisha halisi atadhani kuna ugomvi mkubwa, au kwamba mama huyu hakumlea mwanawe. Ajabu ni kwamba kifungu kilichokusudia kuonyesha adabu ya kupindukia kimewafanya wahusika wake wawe watovu wa adabu, na hakuna yeyote ndani ya hadithi anayeligundua hilo.

Sababu ni kwamba adabu ya Kiswahili haipimwi kwa wingi wa maneno laini. Shikamoo hupanda, marahaba hushuka. Jozi hiyo haibadilishani nafasi: mdogo hawezi kuitikia marahaba kwa mkubwa wake, na mkubwa haanzi kwa shikamoo ila kwa mzaha au kwa kejeli. Kwa hiyo kila salamu inapotamkwa inachora upya ngazi iliyopo kati ya wawili. Brown na Levinson, katika kitabu chao cha 1987, walihusisha uzito wa adabu na mambo matatu: umbali wa kijamii kati ya wazungumzaji, tofauti ya mamlaka, na ukubwa wa jambo linaloombwa. Yote matatu ni vipimo vya uhusiano. Hakuna hata kimoja kinachoweza kujulikana kwa kumtazama mhusika mmoja peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo kifungu chetu kimelipoteza na ambalo mwandishi mzoefu asingeliacha. Shikamoo ya mdaiwa kwa mdai wake ni heshima, lakini vilevile ni ngao. Mdai akishaitikia marahaba, amekubali kwamba yeye ni mkubwa mbele ya mwanawe, na mkubwa hamfukuzi mwanawe asubuhi asubuhi. Mdai mwenye busara anajua hivyo, ndiyo maana huweza kuichelewesha marahaba, kuitamka kwa kifupi, au kuinyima kabisa. Mgogoro mzima wa kodi ya miezi mitatu unaweza kuchezwa ndani ya neno hilo moja, kabla kodi yenyewe haijatajwa.

Majina ya kuitana nayo yana kazi ileile. Mwanamke mwenye mtoto, katika nyumba ya kupanga, kwa kawaida huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Juma. Mwenye nyumba huitwa baba, au baba mwenye nyumba, na mtoto humwita babu. Mzee Sudi akiamua siku hiyo kumwita mpangaji wake "Zuwena", jina tupu, amefanya tendo: amevua kwa muda ule ujamaa uliokuwa ukiwafunika. Katika kifungu cha mfano jina hilo limetumika bila kukusudia lolote. Tendo lenye uzito limefanywa, na hadithi haina habari nalo.

4.0 Zamu za kusema na kisichosemwa

Jambo la pili ni umbo la zamu. Kila msemaji katika kifungu anafuata mpangilio mmoja: anatambua hisia au kauli ya mwenzake, anaeleza hali, kisha anafunga. Zuwena anashukuru, anaelewa, anaeleza. Mzee Sudi anasifu, anatambua, anaruhusu. Hakuna swali hata moja. Hakuna sentensi iliyokatizwa, hakuna jibu la neno moja, hakuna kimya, na hakuna viunganishi vidogo vya mazungumzo kama *si*, *mbona*, *kwani*, *basi*, *hebu*, *ati* na *kumbe*. Vijineno hivyo si mapambo. *Mbona* hubeba lawama pamoja na swali. *Kwani* humrudishia mwulizaji swali lake kwa ukaidi. *Si* hudai kwamba msikilizaji anajua tayari na anajifanya hajui. Usemezano usio na vijineno hivyo hauna mahali pa kuweka lawama, ukaidi wala kujifanya.

Sacks, Schegloff na Jefferson walionyesha, katika makala yao ya 1974, kwamba mazungumzo ya kawaida hujengwa kwa zamu zinazopokezana papo kwa papo, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Wachanganuzi waliowafuata walibainisha kwamba majibu hayafanani kwa uzito. Kukubali hutoka upesi na kwa kifupi, ilhali kukataa hucheleweshwa, huzungushwa na husindikizwa na sababu. Msomaji wa hadithi analijua hilo kwa uzoefu wake hata kama hajasoma isimu. Akiona jibu limechelewa, huanza kukisia kinachofichwa. Katika kifungu chetu hakuna anayekataa, kwa hiyo hakuna anayechelewa, na msomaji hana la kukisia.

Grice alieleza kwamba wazungumzaji hutarajiana kusema kweli, kusema vya kutosha, kusema linalohusika na kusema kwa uwazi, na kwamba maana fiche huzaliwa pale kanuni mojawapo inapovunjwa waziwazi. Wahusika wa kifungu cha mfano ni watiifu wakamilifu wa kanuni hizo. Kila mmoja anasema kweli, anasema vya kutosha na anasema kwa uwazi. Matokeo yake ni kwamba hakuna kinachodokezwa. Yote yaliyomo katika hadithi yamekwisha kutamkwa, na msomaji hana kazi aliyoachiwa.

Kuhusu msamiati, inatosha kutaja kwamba *changamoto*, *kipindi kigumu*, *ninaelewa wasiwasi wako* na *chukueni muda mnaouhitaji* ni lugha ya ripoti za miradi, hotuba za warsha na huduma kwa wateja, na baadhi yake ni miundo ya Kiingereza iliyovikwa maneno ya Kiswahili. Rejesta hiyo ina mahali pake. Mahali hapo si kizingiti cha chumba cha kupanga.

5.0 Kifungu kikiandikwa upya

Ili hoja isibaki katika lawama, nimekiandika upya kifungu hicho. Watu ni walewale, deni ni lilelile, asubuhi ni ileile. Kisa cha mtoto anayetumwa kumkana mama yake ni utani wa siku nyingi ambao wasomaji wengi wanaujua. Nimeuchagua kwa makusudi, ili ionekane kwamba nguvu ya usemezano haitegemei tukio jipya.

"Hodi humu."

Kimya.

"Hodi! Mama Juma!"

Juma alitokeza nusu mlangoni. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Mama… kasema hayupo."

"Kasema hayupo."

"Ndiyo."

"Kakwambia saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Zuwena alitoka akijifunga kanga. "Shikamoo baba. Karibu, karibu ndani. Juma, we! Mletee babu kiti."

"Kiti sitaki."

"Shikamoo baba."

"Leo tarehe ngapi, Mama Juma?"

"Si nilikwambia mwisho wa mwezi?"

"Mwisho wa mwezi upi?"

Kifungu hiki kinatumia maneno machache kuliko kile cha kwanza, na neno *kodi* halimo kabisa. Msomaji analijua deni, anajua kwamba limekwisha kuahidiwa zaidi ya mara moja, na anajua kwamba ahadi hazikutimizwa. Yote hayo yamebebwa na swali la mwisho la maneno manne.

Zingatia jinsi shikamoo ilivyogawanywa. Juma anaamkia mara moja na anapewa marahaba papo hapo, kwa sababu mzee hana ugomvi na mtoto. Mama yake anaamkia mara mbili na hajibiwi hata mara moja. Mzee Sudi hakutoa tusi, hakupaza sauti, hakutumia neno lolote lisiloweza kutamkwa msikitini. Alichofanya ni kulinyima neno moja mahali linapodaiwa, na kila mzungumzaji wa lugha hii anaisikia hasira hiyo. Hadithi inaweza kuwa na adabu tupu juu yake na moto chini yake. Kinachohitajika ni adabu hiyo iwe na mwenyewe, iwe inakwenda mahali na iweze kukwama njiani.

Zingatia pia kwamba Zuwena hana sauti moja. Ndani ya zamu ileile anamwamkia mzee, anamkaribisha kwa kurudia neno, kisha anageuka na kumwamrisha mwanawe kwa "we!" na kwa umbo la amri. Katika zamu yake ya tatu anashambulia kwa *si*, akijaribu kuugeuza udaiwa wake uwe usahaulifu wa mzee. Hizo ni sauti tatu za mtu mmoja kwa muda wa dakika moja, na ndizo zinazomfanya awe mtu. Sauti ya mhusika basi haikai ndani yake kama rangi ya macho. Inazaliwa upya kila anapomgeukia mtu mwingine.

Kutokana na hilo tunaelewa kwa nini tiba inayopendekezwa mara nyingi haifai. Baadhi ya waandishi, wakiona usemezano umefanana, huelekeza kwamba kila mhusika apewe namna yake ya kusema. Kinachopatikana huwa ni vikaragosi. Kijana husema *mambo vipi* na *poa* katika kila zamu, awe anaongea na rafiki yake au na baba mkwe. Mzee hutoa methali kila anapofungua kinywa. Mtu wa pwani huitikia *naam* hata akiwa na hasira. Wahusika sasa wanatofautiana, lakini kila mmoja amekwama katika sauti moja, na hakuna anayebadilika kwa sababu ya aliye mbele yake. Jaribio la kuyafunika majina litafaulu, ilhali hadithi itabaki na kasoro yake. Ndiyo maana napendekeza jaribio la pili: mbadilishe msikilizaji. Kama maneno ya Zuwena kwa Mzee Sudi yanaweza kuelekezwa kwa Juma, au kwa shoga yake wa chumba cha pili, bila kubadilika, basi usemezano bado haujaandikwa.

6.0 Chanzo cha sauti moja

Modeli za lugha hufunzwa kwa hatua. Kwanza hupitishiwa maandishi mengi na kujifunza kukisia kipande cha neno kitakachofuata. Kisha hurekebishwa kwa kutumia upendeleo wa watu: wapimaji huonyeshwa majibu kadhaa, huyapanga kuanzia bora hadi duni, na modeli husukumwa kuelekea yale yaliyopendelewa. Utaratibu huo ulielezwa kwa kina na Ouyang na wenzake mwaka 2022. Wapimaji hutakiwa kupendelea majibu yenye msaada, ya kweli na yasiyodhuru. Hivyo ndivyo vigezo vinavyofaa kwa mtu anayejibu maswali ya wageni. Kwa hadithi, vigezo hivyo ni balaa. Mzee Sudi hatakiwi kuwa na msaada, Zuwena hasemi kweli, na mtoto anadhuru kwa kusema ukweli mahali pasipotakiwa. Ninavyoona, sauti ya mtumishi mwema ndiyo inayopenya ndani ya vinywa vya wahusika wote.

Sababu ya pili iko katika mwendo wenyewe wa uzalishaji. Kila zamu inayoandikwa huwa sehemu ya matini ambayo zamu inayofuata itakisiwa kwayo. Zamu ya kwanza ikiwa na sentensi ndefu yenye shukrani, inayofaa zaidi kuifuata ni sentensi ndefu yenye shukrani. Wahusika wanaambukizana. Mwandishi binadamu naye hukabiliwa na kishawishi hicho, lakini yeye aweza kusimama na kujiuliza mwenzake anajua nini na anataka nini.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi. Kiswahili kinachopatikana kwa wingi katika maandishi ya mtandaoni ni cha habari, ensaiklopidia, maandiko ya dini yaliyotafsiriwa na nyaraka za mashirika. Mazungumzo ya uani, ya kijiweni na ya jikoni hayakuandikwa, na mengi yalipoandikwa yalisahihishwa. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930 ulikusudiwa kuipatia elimu na uchapishaji lugha ya pamoja, na ulifanikiwa. Lakini tulipoipeleka sanifu ndani ya alama za kunukuu tulivuka mpaka. Ni wahariri wangapi wameigeuza *kasema* ya mhusika kuwa *amesema*, na *nishakwambia* kuwa *nimekwisha kukuambia*? Ni walimu wangapi wa insha ya mazungumzo wamempa alama nyingi mwanafunzi ambaye wahusika wake wanaongea kama wasoma taarifa ya habari? Mashine imejifunza kwa wanaojua kusahihisha.

7.0 Pingamizi moja

Msomaji aweza kuuliza: je, wahusika wa Shaaban Robert hawasemi wote kwa lugha ya juu iliyonyooka? Katika *Kusadikika*, kitabu cha 1951, Karama mshitakiwa na waziri Majivuno mshitaki wote ni wasemaji hodari wa lugha iliyopambwa. Ikiwa ulinganifu wa lugha ni kasoro, mbona kitabu hicho hakianguki?

Pingamizi hili ni zuri kwa sababu linatulazimisha kuikaza hoja. Kwanza, tanzu zina kaida zake. *Kusadikika* ni istiara inayoendeshwa ndani ya baraza la hukumu, na majina ya wahusika yenyewe yanatangaza kwamba hatuko katika nyumba ya kupanga. Barazani kila mtu hupanda daraja la lugha. Pili, na muhimu zaidi, lugha ya Karama na ya Majivuno inafanana kwa urembo, lakini haifanani kwa kazi. Mmoja anashitaki, mwingine anajitetea. Mmoja ana nguvu za dola nyuma yake, mwingine ana siku chache na maneno yake tu. Huwezi kuyahamisha maneno ya mmoja kuyaweka kinywani mwa mwingine, kwa kuwa kila kauli inasukuma upande wake. Jaribio la kubadilisha msikilizaji linafaulu hata pale msamiati unapofanana.

Kwa hiyo ufasaha wa wahusika peke yake hauiui hadithi. Kinachoiua ni wahusika kutaka jambo moja. Katika kifungu cha mfano wote watatu wanataka mazungumzo yaishe vizuri, na yanaisha vizuri katika zamu ya nne, kabla hadithi haijaanza.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba usemezano wa sauti moja katika hadithi zinazozalishwa na akili unde una anwani za kiisimu: jozi ya salamu isiyokamilika au isiyokuwapo, majina ya kuitana yasiyo na uhusiano nyuma yake, zamu zenye umbo moja, na kukosekana kwa kukataa. Imependekeza pia kwamba mhakiki asiishie kuuliza kama wahusika wanatofautiana. Aulize kama kila mhusika anabadilika anapobadilikiwa msikilizaji.

Nimalizie kwa tahadhari kwa walimu wenzangu. Kwa kuwa kasoro hii inaweza kutajwa kwa uwazi, kuna kishawishi cha kuifanya ushahidi: hadithi ya mwanafunzi ina wahusika wenye sauti moja, basi hakuiandika mwenyewe. Hitimisho hilo halifuati. Mwanafunzi aliyepita katika madarasa yetu amefundishwa kwa miaka mingi kwamba ndani ya alama za kunukuu, kama nje yake, Kiswahili kizuri ni kilichokamilika, kilichopangwa na chenye shukrani. Anapotuletea Mzee Sudi anayetabasamu, huenda anaturudishia tulichompa. Alama ya chini atapewa, kwa sababu usemezano wake ni dhaifu, na udhaifu huo ataonyeshwa mahali ulipo. Tuhuma ni jambo jingine, na kwa tuhuma ya uzito huo usemezano ulionyooka hautoshi.

Kazi iliyo mbele yetu inaanzia katika jambo dogo. Mhariri anayeipitia hadithi na kukutana na mhusika aliyesema *kasema hayupo*, na aizuie kalamu yake.